Shukrani Zilizosomwa kwa Sauti

Asubuhi ile tulikuwa hawa. Mimi, kwenye benchi ya kwanza karibu na mlango. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, aliyeolewa Walikale, akazaa kule, akazika kule, halafu akarudi kwetu na mfuko mmoja wakati vita ilipofika kwenye mlango wake. Mjukuu wangu, binti wa mtoto wangu wa tatu, nyuma ya meza ya mapokezi. Papa Titulaire, ndivyo tunavyomwita muuguzi mkubwa wa kituo, ambaye baba yake na baba yangu walichunga ng'ombe kwenye kilima kimoja. Mama mmoja kijana, jirani wa shamba, na mtoto wake mwenye homa. Bamama wengine wa kiliniki ya mimba. Na wale watatu wenye bunduki, ambao hawakuwa ndugu ya mtu yeyote pale, ingawa naamini kila mmoja ana mama mahali fulani.

Majina yao yote ninayo. Hata ya mtoto mwenye homa, hata jina ambalo wale wawili walikuwa wanamwita mwenzao wa tatu akilia na mguu. Watu wa kwetu wanajua kwamba mimi sisahau jina. Lakini hapa sitaandika hata moja. Jina likisha andikwa linaanza kutembea peke yake, na haujui litaingia nyumba gani. Hilo nilijifunza siku ile.

Kituo chetu cha afya ni kidogo. Kiko kilimani, ukipita Bihambwe, mahali moto, zile pikipiki za kubeba watu, zinaacha kupanda wakati wa mvua na watu wanashuka kusukuma. Vyumba vinne, bati, mtambo wa jua juu ya bati, na sebule yenye benchi tatu na meza ya mapokezi. Kila asubuhi kazi inaanza na sala. Kisha Papa Titulaire anafundisha kidogo juu ya kunawa mikono ao chandarua. Kisha, tangu mwaka uliopita, ilikuwa inakuja ile rezime.

Nitaeleza rezime, yaani muhtasari, kwa sababu hata mimi nilieleweshwa mara nyingi. Alikuja dada mmoja kutoka Goma, fundi wa mambo ya kompyuta, na viatu vyeupe ambavyo havikukaa vyeupe. Alibandika ukutani namba ya telefone ya kituo. Akasema: mtu yeyote akiwa na neno juu ya kituo, la kusifu ao la kulaumu, aliandike atume kwenye namba ile. Ndani kuna programe. Programe inasoma kila mesaji na kuibandika alama ya moyo wake: hii iko na shukrani, hii iko na hasira, hii iko na woga, hii iko na huzuni, hii ni ya kawaida. Mchana kutwa inakusanya. Asubuhi inatuma mesaji moja tu kwenye telefone ya mapokezi: shukrani ngapi, hasira ngapi, woga ngapi, na chini ya kila alama, maneno ya mtu mmoja ao wawili kama mfano. Namba za waliotuma hazionekani. Hivyo yule wa mapokezi anajua watu wameamkaje kabla hawajamfikia.

Mjukuu wangu alimuuliza kama programe inaweza kuona moyo wa mtu. Yule dada alicheka akasema hapana, haioni moyo, inaona maneno tu. Ilifundishwa na mesaji nyingi ambazo watu walizisoma kwanza na kuzibandika alama, nyingi za watu wa mjini. Sasa ikiona maneno yanayofanana na yale, inakisia. Kila mesaji inapata alama moja, ile iliyoshinda. Itakosea mara mara, alisema, na ikikosea, mjukuu wangu ajibu na alama ya haki, ili fundi aitumie kuifundisha tena.

Kile ambacho dada wa Goma hakujua ni namna sisi tunaongea.

Kwetu hauingii nyumba ya mtu na shida mkononi. Unasalimia. Unashukuru Mungu kwa kuamka. Unauliza ng'ombe, unauliza maharagi, unashukuru kwa kile ulichopewa siku ile nyingine. Shida unaiacha mwisho, unaisema ukiwa umesimama tayari kuondoka, kama kitu ulichosahau. Wifi yangu amezidi. Kule Walikale, anasema, mwindaji akirudi na habari ya mtu kuangukiwa na mti, anakula kwanza, anasifu chakula, njo anasema. Tunamcheka kwamba nyumba yake ikiwaka moto atakuuliza kwanza kama umelala vizuri.

Basi rezime ya kituo chetu ilikuwa kila siku shukrani tupu. Mjukuu wangu alikuwa anaisoma kwa sauti baada ya sala, hiyo haikuwa amri ya mtu, ilizaliwa tu yenyewe. Watu walipenda kusikia maneno yao yakitoka kwenye telefone. Akisoma shukrani ya mtu, benchi zote zinajibu amina. Papa Titulaire alifurahi. Alisema hakuna kituo kingine chenye shukrani kama sisi.

Siku moja kabla ya ile ninayosimulia, wifi yangu alikuja jikoni kwangu mchana. Niliona hana amani, alikuwa anachambua maharagi yaliyochambuliwa tayari. Alikuwa ametoka chini, upande wa daraja, na amewaona. Wanalala kwenye shamba la mihogo la mzee mmoja, wanasimamisha watu, wamechukua vijana kubeba mizigo. Na kesho yake mtu wa chanjo alikuwa apite njia ile na kisanduku chake cha baridi, kijana wa watu, baba wa mapacha. Tulipiga telefone yake, haikupatikana. Wifi akasema tuandikie kituo, watasoma asubuhi kabla hajaondoka. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa nne tu, lakini barua naandika. Yeye alisema, mimi nikabonyeza.

Nakumbuka yote. Tunamushukuru Mungu kwa siku ya leo. Tunabashukuru ninyi baganga, na mutoto wa mapokezi, goti yangu imepona, Mungu abapatie nguvu. Maharagi inaota vizuri. Mbuzi imezaa. Tunabasalimia bote. Sasa kwa kumaliza, njia ya daraja iko na bale ba bunduki, banalala mu mihogo, banakamata batu, mukubwa wabo anavaa koti ya mvua ya njano. Musitume mutu wa chanjo kule, tunaogopa sana.

Nilituma. Tukala viazi. Nilidhani tumefanya kazi nzuri.

Asubuhi tulikwenda wote wawili, mimi na presha yangu, yeye na goti lake, ambalo lilipona kwenye mesaji tu. Tulikaa. Mtu wa chanjo alikuwa bado hajafika kuchukua kisanduku. Bamama walikuwa wameanza wimbo. Ndipo mlango ulifunguka, na wale watatu wakaingia. Mmoja alikuwa anamshika mwenzake, ambaye mguu wake umefungwa na shati lenye damu. Wa tatu, mkubwa, alisimama mlangoni akitikisa maji ya mvua kwenye koti lake.

Koti la njano.

Wifi hakunitazama. Aliweka tu mkono wake juu ya wangu.

Wimbo ulikuwa umekufa. Papa Titulaire alitoka, akamwona mgonjwa, akasema kwa sauti yake ya kila siku kwamba bunduki zinabaki nje. Yule mkubwa alifikiri, akawaambia wenzake waache zao kwenye baraza. Yake alikaa nayo, ameilaza juu ya magoti kama mtu na mwavuli wake. Mgonjwa aliingizwa ndani kushonwa, mwenzake akaingia naye. Mkubwa akakaa kwenye benchi ya mbele, pembeni mwa mama mwenye mtoto wa homa, na yule mama alisogea mpaka akabaki na nusu ya matako hewani.

Akatutazama. Akasema, “Juu ya nini munanyamaza? Mulikuwa munasali. Muendelee. Na siye tuko batu ba Mungu.”

Tulimaliza wimbo, kama unaweza kuuita wimbo. Papa Titulaire alikuwa ndani na mguu ule, hakukuwa na mafundisho. Nilianza kumwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba rezime isije. Mtandao kwetu unaanguka mara nyingi. Siku zingine tunaulaani. Siku ile nilitaka uanguke usiamke tena.

Telefone ililia mezani.

Mjukuu wangu aliichukua. Nilijaribu kukutana na macho yake, lakini alikuwa anatazama kioo, na wala hakujua neno: usiku ule alikuwa amelala kwa mama yake, hatukuwa tumeongea. Hakuona kitu mbele yake isipokuwa kazi ya kila siku. Na nikiisema haki, niliona pia kwamba anaogopa bunduki ile, na mtu mwenye woga anashika kile anachokijua. Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Akasema, “Rezime ya leo.”

Mkubwa akauliza ni nini. Mama mmoja mjamzito akamweleza, kwa heshima, kwamba ni maneno ya watu juu ya kituo. Akasema vizuri, asikie.

Mjukuu akasoma. Hasira, hakuna. Huzuni, moja, mtu aliyefiwa anashukuru kwa machela. Woga, hakuna.

“Woga hakuna?” Yule mtu alicheka. “Kituo ya bamalaika.”

Watu walicheka pamoja naye, hamna njia nyingine. Na mimi nilipumua. Nilifikiri, programe imepoteza mesaji yetu, Mungu ni mwema. Halafu mjukuu akasema, “Shukrani, saba. Mufano.” Na akaanza:

“Tunamushukuru Mungu kwa siku ya leo.”

Yalikuwa maneno ya wifi. Shukrani zetu zilikuwa nyingi na woga wetu kidogo, mwishoni, kama adabu inavyotaka. Programe ilipima, ikaona shukrani imeshinda, ikatuweka mbele ya wote.

“Tunabashukuru ninyi baganga, na mutoto wa mapokezi.” Hapo mjukuu alitabasamu kidogo, maana njo yeye. “Goti yangu imepona.”

Amina, benchi zikasema.

Ni vigumu kueleza kile kilichonipata. Nilijua kila neno linalokuja. Nilikuwa nimelibonyeza na kidole hiki. Nilihesabu sentensi zilizobaki kama mtu anayetazama maji yakipanda kwenye mlango wake: maharagi, mbuzi, salamu, halafu koti. Nilitaka kukohoa, nilitaka kuanguka chini kama mgonjwa wa kifafa. Mwili wangu ulikataa kila kitu. Nilimwona mjukuu wangu, ambaye nilimkata kitovu mimi mwenyewe, akitembea kwenda shimoni kwa sauti nzuri, akisoma vizuri kama alivyofundishwa shuleni, akipumzika kwenye kila nukta.

“Maharagi inaota vizuri.”

Amina.

“Mbuzi imezaa.”

Hata yule mkubwa alisema amina kwa mbuzi.

“Tunabasalimia bote. Sasa kwa kumaliza…”

“Hiyo ni yangu,” wifi akasema.

Alikuwa amesimama. Na goti lile. Mkono wake ulikuwa umetoka juu ya wangu bila mimi kujua.

“Ni mimi nilituma. Yenye kubaki nitasema mwenyewe, na kinywa yangu. Miye si bado muzima?”

Mjukuu alitaka kubisha, niliona. Alimwita Koko, yaani bibi: “Koko, imebaki kidogo tu.” Kisha akarudisha macho kwenye kioo kutafuta mahali alipoachia. Na macho yake yakafika mwisho kabla ya kinywa. Uso wake sijui niuseme vipi. Haukubadilika, njo ilikuwa mbaya. Ulisimama tu, kama saa.

Wifi akageukia benchi, akageukia mpaka yule mtu. “Sasa kwa kumaliza,” akasema, “choo ya bamama haina mulango. Kitambaa tu. Upepo ikikuja, kilima yote inakuona. Miye nimezeeka, hata banione, batalia benyewe. Lakini hawa bamama ba mimba? Papa, ni haki?”

Alimuuliza yeye. Mwenye koti.

Watu walicheka, na safari hii walicheka kweli, yule mama mwenye nusu ya benchi alicheka mpaka mtoto akaamka. Choo kilikuwa hivyo kweli, kila mtu alikijua kitambaa kile. Yule mkubwa naye alicheka. Lakini alipomaliza alinyoosha mkono kuelekea meza.

“Njo vile iko imeandikwa?”

“Njo vile, Papa,” mjukuu wangu akasema.

“Lete.”

Alimpa. Angefanya nini? Yule mtu aliishika telefone na mikono miwili, karibu na uso, akakaa nayo. Sikusikia mvua tena. Kutoka ndani tulimsikia mwenzake akilia kwa sindano, na Papa Titulaire akimwambia avumilie, bado kidogo. Alitazama kioo kile muda ambao mtu anayesoma vizuri hauhitaji, na ambao mtu asiyejua kusoma hauhitaji vilevile. Kidole chake kilipanda, kikashuka.

Kisha akairudisha. Hakumrudishia mjukuu. Alisimama akampa wifi mkononi, kwa adabu, akishika kiwiko chake cha kuume kama tunavyofundisha watoto kumpa mkubwa kitu. Akamwambia:

“Koko, siku ingine, anza na mwisho.”

Akatoka barazani. Walipomaliza kumshona mwenzao waliondoka wote watatu, na mgonjwa alisema asante kwa kila mtu, hata kwa mlango.

Halafu mjukuu wangu alitapika nyuma ya meza, na mama mwenye mtoto wa homa akachukua maji akafuta, bila kuombwa.

Mpaka leo tunabishana. Papa Titulaire, tulipomweleza, alisema yule mtu hajui kusoma. Alimpa karatasi ya dawa akaishika juu chini. Wifi anasema alisoma kila neno, na karatasi aliishika vile kwa makusudi. Alisema maneno yale kwa sababu alijua. Mama mwenye mtoto anasema ni utani tu, kijana amechoka na kikongwe wa maneno mengi, hata yeye angemwambia vile. Mimi nimeyageuza maneno yale kila upande. Usiku upande mmoja unaonekana wa kweli, asubuhi upande mwingine. Mtu wa chanjo hakupita daraja, Papa Titulaire alimpeleka njia ya juu. Na wale walipohama kwenye mihogo, siku chache baadaye, hatukujua ni kwa sababu yetu ao kwa sababu ya mihogo kuisha.

Mama ya mjukuu wangu alitaka kumpeleka Goma. Alimfungia hata nguo. Mimi nilikubali, nilisema aende. Mjukuu alikaa juu ya mzigo wake mchana mzima, halafu akauliza kwamba akienda, nani atasoma ile kitu kesho? Akamtaja msichana mwingine wa kijiji, mdogo kuliko yeye. Akafungua mzigo.

Rezime haisomwi tena kwa sauti. Dada wa Goma alipopigiwa alisema alama ilikosewa na yeye, si sisi, maana hakuwahi kuifundisha na maneno ya watu wanaoanza na shukrani. Alimtumia mjukuu mesaji zote za zamani, akaomba amrudishie na alama ya haki. Mjukuu aliogopa. Mimi nilimwambia asifanye. Niliona ni heri programe ibaki mjinga, isiandike neno woga hata siku moja, maana neno lile likiwa limelala ndani ya telefone ni kama kulaza nyoka kitandani. Papa Titulaire alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mama, na mutu wa chanjo?” Akamkumbusha mjukuu kwamba siku ile shukrani saba zilikuwa zimekuja. Wakazifungua zote pamoja. Nyingine nne mwisho wake ulikuwa daraja.

Watu wanne walikuwa wametuambia vilevile, na sisi tungewajibu amina.

Basi wakasahihisha. Sasa programe inakata kila mesaji sentensi kwa sentensi, na kila sentensi inapata alama yake, hata ile ya mwisho. Kwenye telefone ya mapokezi inakuja hesabu tu, bila maneno. Maneno anayafungua Papa Titulaire peke yake, na namba ya siri, mlango umefungwa, kisha anayafuta. Na woga umekuja. Kila asubuhi uko pale, siku zingine unashinda shukrani mbali. Kumbe ulikuwepo wakati wote.

Mimi naenda kila asubuhi. Presha yangu ni nzuri, wanajua, wananiacha nikae. Nakaa kwenye benchi ya mlangoni mpaka telefone ilie, mpaka Papa Titulaire atoke chumbani kwake, mpaka mjukuu wangu anitazame na kufumba macho mara moja, maana yake imefutwa. Kisha naenda shambani. Mtu akiingia na koti la mvua, rangi yoyote, natazama kwanza mikono yake, na sasa ni masika. Choo kimepata mlango. Wifi bado anaandika, mimi bado nabonyeza, na bado anaanza na Mungu, na goti, na mbuzi. Nilimkumbusha kwamba yule mtu alisema aanze na mwisho. Akasema yule mtu hakumlea yeye.

Kama ulikuwa pale asubuhi ile na nimekosea, unisahihishe. Wifi anasema koti lilikuwa la kijani, na kwamba tulisema la njano kwa haraka. Nami naliona la njano hata nikifumba macho. Labda mbuzi alikuwa bado hajazaa. Labda hakushika kiwiko alipompa telefone, labda nimemwongezea adabu ili niweze kulala. Kama unakumbuka vingine, pita kwangu, nyumba unaijua, uniambie kwa kinywa. Usiniandikie.